Usiku wa Kuhesabu Pumzi: Mwari wa Kipemba katika Wodi ya Mpanda

Mara nyingi mnatuuliza kwa nini wauguzi wa usiku huonekana wanatembea tembea tu, hawana haraka, wanashika mkono wa mgonjwa, wanagonga goti, wanainama chini ya kitanda kisha wanaandika. Leo tuwasimulie usiku mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, ila jina lake tunalisitiri na baadhi ya mambo yake tumeyageuza asijulikane.

Sisi tulikuwa wawili zamu ile. Mmoja wetu mzaliwa wa Unguja, mwingine wa huku huku Mpanda. Kwa wasioijua, Mpanda ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipokatwa kutoka Rukwa. Ukitoka kwetu unapanda boti hadi Dar es Salaam, kisha treni ya reli ya kati hadi Tabora na kuendelea Kaliua, na hapo njia inachepuka kuelekea kusini mpaka reli yenyewe inapoishia, Mpanda. Kwa basi pia inafikika, lakini mgongo utakusimulia. Ni mji wa mpunga, mahindi, tumbaku na dhahabu, na wafanyabiashara wa kila kabila wamo, Wapemba hawakosi. Ndivyo mwari wetu alivyofika huku: aliolewa Pemba, mume ana duka la nguo, akamfuata. Mama yake akabaki ng'ambo ya bahari.

Tulipoingia kazini saa 1:30 usiku, wenzetu wa mchana walitupa ripoti yake namna hii. Miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 37. Alifika saa 4 asubuhi uchungu ukiwa umeshaanza, kichwa kinamuuma tangu jana yake, macho yanaona vimulimuli. Presha 170 kwa 115, protini nyingi kwenye mkojo. Hiyo ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Akaanzishiwa magnesiamu salfeti palepale. Akajifungua kwa njia ya kawaida saa 10 alasiri, mtoto wa kike, kilo 2.3, aliyekuwa mzito kidogo kuamka, kwa hiyo yupo chumba cha watoto wachanga anaangaliwa. Mama presha 150 kwa 100, hajapata degedege hata mara moja. Kisha mwenzetu akafunga faili na kusema lile neno ambalo halimo kwenye chati: "Huyu ana hofu sana. Hataki kulala."

Tukamkuta amekaa kitandani wima kama mtu anayengoja gari. Kanga ameishika shingoni kwa mikono miwili. Tukamsalimia, akaitikia, na kabla hatujagusa chochote akasema, "Masista, ile sindano miye siitaki tena."

Tukavuta stuli. Hapa niwaambieni, mashoga zetu, hili ndilo jambo ambalo mgeni wa wodi haliiti kazi, na ndilo lililookoa usiku ule. Mgonjwa akikataa dawa unaweza kumwambia kwa ukali kuwa atakufa, naye atakubali kwa kuogopa, halafu saa nne baadaye ukianza tena unakuta ukuta mrefu zaidi. Tukamuuliza tu, asubuhi walipokuchoma ulisikia nini?

Akasema moto. Sindano ya mkononi ilipoingia, moto ukapanda kutoka kifuani hadi usoni, koo likakauka, moyo ukaenda mbio, akajua roho inatoka. Na kwao, akasema, kuna bibi harusi alichomwa sindano baada ya kuzaa, akatetemeka, akafa. Watu walisema ni sindano. Wengine wakasema ni shetani aliyemfuata tangu ukumbini.

Huku Katavi nako hadithi za namna hiyo hazikosi. Jina la mkoa wenyewe linatokana na Katabi, mwindaji wa hadithi za wenyeji ambaye roho yake inasemekana imo katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka hapo. Mtu anayeanguka ghafla, macho yakageuka, povu likatoka, si ajabu kusikia jirani akitaja mizimu. Visiwani tungetaja jini. Sisi hatukuja kubishana na jini. Tulimwambia kitu kimoja: kile kilichomtetemesha yule bibi harusi huenda ndicho hiki hiki tunachokizuia kwako.

Tukamweleza pole pole. Ugonjwa huu chanzo chake ni kondo la nyuma, na mimba za kwanza ndizo zinazoonewa zaidi. Kondo likitoka, chanzo kimetoka, ila mwili haujui hapo hapo. Mishipa ya damu bado imebanwa, ubongo bado umechokozeka, na degedege linaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa ndani ya saa 48 za mwanzo. Ndiyo maana magnesiamu haikatwi mtoto anapolia. Inaendelea mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua, au tangu degedege la mwisho kama lilitokea. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa uliochukua wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wengine wakapewa dawa hii na wengine maji yasiyo na dawa. Waliopewa dawa hatari ya kupata degedege ilipungua kwa zaidi ya nusu. Hatukumtajia nchi 33. Tulimwambia, "Wanawake wengi wameipitia hii, na hesabu yao ilifanywa."

Na ule moto? Ule ni dawa yenyewe. Dozi ya kuanzia ina sehemu mbili: gramu 4 zinaingizwa kwenye mshipa kwa dakika kadhaa, na gramu 10 zinagawanywa makalio mawili, tano tano. Ile ya mshipani ndiyo inayofungua mishipa ya damu na kuleta joto la uso, jasho, hata kichefuchefu. Joto hilo hupita. Zinazofuata ni gramu 5 kila baada ya saa nne, zinachomwa kwenye nyama tu, leo kulia kesho kushoto kama tunavyosema kwa utani. Hizo hazileti moto ule, ila hatutakudanganya, zinauma. Ni mililita kumi za dawa, kiasi kikubwa kwa nyama, ndiyo maana tunachanganya na ganzi kidogo na tunasukuma taratibu.

Alitazama sakafu kwa muda. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa la dawa kabisa: "Na daktari wa kiume atakuwepo?"

Tukamwambia hapana. Tukavuta pazia, mmoja wetu akashika kanga juu ya mwingine, sehemu iliyofunuliwa haikuzidi kiganja. Saa 4 usiku akachomwa, akauma ncha ya kanga, ikaisha. Tunasema hivi kwa wauguzi wenzetu wanaosoma: kuna wanawake wanaokataa sindano kwa sababu ya sindano, na kuna wanaokataa kwa sababu ya pazia, na wote wawili wanatumia maneno yale yale.

Kabla hatujaondoka tukaiona pete. Vidole vilikuwa vimevimba, pete ya ndoa imezama na ngozi imeituna pande zote. Akaificha mkono. Alidhani tutaikata, na mume hajaimaliza kuilipa, akasema, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. Tukachukua uzi mrefu, ncha moja tukaipitisha chini ya pete, uzi uliobaki tukauzungusha kwenye kidole kwa kubana mzunguko kwa mzunguko mpaka juu ya kifundo, halafu tukaanza kuufungua kuanzia upande wa pete. Kila mzunguko unaofunguka unaisukuma pete mbele kidogo. Ilichukua dakika kumi. Tukaifunga kwenye kitambaa na kukiweka mkononi mwake. Bibi harusi aliye na mimba, pete ikianza kubana ghafla na uso ukavimba asubuhi, usingojee siku ya kliniki. Nenda ukapimwe presha na mkojo.

Sasa tuingie kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo usiku unapokaa.

Magnesiamu ni dawa ya mwendo mwembamba. Ikiwa kidogo, degedege linapita. Ikizidi mwilini, inalegeza misuli, na msuli wa mwisho kulegea ni ule unaovuta pumzi. Ila haiendi huko kimya kimya. Inaanza kwa kuondoa mruko wa goti, kisha ndiyo inagusa kupumua. Na inatoka mwilini kwa njia moja tu, mkojo. Figo zikilala, dawa inajikusanya. Kwa hiyo kabla ya kila dozi tunataka mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa zile saa nne. Moja likikosekana, dozi inasubiri. Na pembeni kuna kichupa cha kalsiamu glukoneti, gramu 1 ya kuingizwa polepole kwenye mshipa endapo pumzi zitashuka. Kile kichupa tulikionyesha kwake. Mgonjwa mwenye hofu akijua kizima moto kiko wapi hutulia kuliko akiambiwa hakuna moto.

Pumzi zina siri yake. Ukimwambia mtu "nahesabu pumzi zako" atapumua vingine. Kwa hiyo tunashika kifundo cha mkono kana kwamba tunahesabu mapigo, macho yako kwenye kanga ya kifuani inayopanda na kushuka, na tunahesabu dakika nzima, hatuchukui nusu na kuzidisha. Yeye alikuwa akinong'ona dhikri, midomo haitulii, na mtu anayesema pumzi zake hazihesabiki vizuri. Tukangoja mpaka akatulia. Pumzi 20. Tukaandika.

Saa 6 usiku alituita. Hakuita kwa sauti, alipunga kitambaa chenye pete. Alikuwa analia, akasema kichwa, akasema hofu, akasema anataka mama yake. Mwenzetu mmoja angeweza kusema, huyu ana wasiwasi tu, mpe maji alale. Na kweli kilio kinapandisha presha. Lakini kwa ugonjwa huu mtu anayehangaika kitandani anaweza kuwa anahangaika kwa sababu ubongo wake unaanza kuchemka, au anavuja damu, au hewa haimtoshi. Hofu tunaiamini mwisho, tukishamaliza kutafuta mengine. Tukaangalia kitambaa cha damu: kiasi cha kawaida. Tukashika tumbo chini ya kitovu: kizazi kigumu kama ndimu kubwa, kimejikunja vizuri. Midomo myekundu. Chembe ya moyo haiumi, na maumivu ya hapo tunayaogopa kwa sababu ini liko karibu. Macho hayaoni vimulimuli. Presha 166 kwa 112.

Tukamlaza ubavu, mmoja akakaa naye, mwingine akaenda kwa wengine. Baada ya dakika 15 tukapima tena mkono ule ule. Alikuwa amenyamaza, machozi yamekauka. Presha 164 kwa 112. Basi haikuwa kilio. Ikigota 160 juu au 110 chini na isishuke, hiyo ni dharura, mishipa ya ubongo inaweza kupasuka, na magnesiamu haishushi presha. Kazi yake ni degedege tu. Tukampigia daktari wa zamu, akaagiza haidralazini miligramu 5 kwenye mshipa, polepole. Polepole kwa sababu presha iliyopanda kwa siku nyingi ukiiangusha ghafla unakausha ubongo na figo zilizozoea. Kila baada ya dakika tano tukapima. Nusu saa baadaye 148 kwa 96, na yeye mwenyewe akasema kichwa kimepungua.

"Nilisema," akatuambia. Na ni kweli alisema. Tukamwambia aendelee kusema.

Huko leba kulikuwa na mama mwingine anasukuma, na ng'ambo ya wodi mtoto ananyonya kwa kelele. Mvua ikaanza, na mvua ya Mpanda kwenye mabati inafuta kila sauti nyingine, huwezi kusikia mtu akiita. Usiku wa mvua tunatembea zaidi, kwa sababu masikio hayafanyi kazi.

Saa 7 tukainama kuangalia mfuko wa mkojo. Saa 5 tulikuwa tumepata mililita 45, saa 6 mililita 40. Sasa zilikuwa 5. Hapo ndipo kifua kinabana kidogo, nasi ni binadamu. Mkojo ukikauka maana yake inaweza kuwa figo zinalala, au damu inapotelea ndani, na katika hali zote mbili dozi ya saa 8 inakuwa sumu. Lakini kabla ya kuzifikiria figo, unafuata mpira kwa kidole kuanzia mwilini hadi mfukoni. Ndilo jambo jepesi kuliko yote na ndilo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu mpira umefichwa chini ya shuka na hakuna anayependa kufunua. Tuliufuata. Ulikuwa umekunjwa chini ya paja lake. Alikuwa amebana miguu kwa nguvu, paja juu ya paja, tangu tulipomlaza ubavu, kwa hofu na kwa haya. Tukamwomba alegeze, tukaunyoosha mpira, tukaubandika kwa plasta juu ya paja usilaliwe tena. Mkojo ukateremka mbele ya macho yetu, mililita 70.

Alituona tulivyoshusha pumzi, maana aliuliza kwa nini tunatabasamu na mkojo wake. Tukamweleza. Baada ya hapo kila akijigeuza alikuwa anautazama mpira mwenyewe.

Saa 8 kamili, dozi inadai. Mkojo wa saa ile mililita 50. Jumla ya saa nne 210, zaidi ya zile 120 tunazozitaka. Pumzi 18. Tukachukua kinyundo, mmoja akapitisha mkono chini ya goti akaliinua kidogo, mwingine akagonga chini ya kifuu. Kimya. Tukagonga tena, mguu mwingine. Kimya.

Hakuna nesi anayeipenda ile sekunde. Kitabu kinasema: goti halijaruka, usichome. Na ni sahihi, wala hatukuwa na nia ya kuchoma kabla ya goti kujibu. Lakini kabla ya kuandika "halipo" unajiuliza kama limezimwa na dawa au limefungwa na mwenyewe. Misuli yake ya paja ilikuwa migumu kama mbao. Mtu aliyekaza mguu goti lake haliwezi kuruka hata kama ni mzima, ndiyo maana kwa wenye hofu kipimo hiki hudanganya. Kumwambia "legeza" hakusaidii, ukimwambia legeza anakaza zaidi. Kuna njia ya zamani wanayofundishwa waganga wa mishipa ya fahamu: mpe mikono kazi. Tukamwambia ashikanishe vidole vya mkono wa kulia na vya kushoto kama ndoano mbili, na tukihesabu tatu avute kwa nguvu zote kama anayetaka kuvitenganisha. Akili ikienda mikononi, miguu inaachwa huru, na mruko uliokuwa umejificha unatoka.

"Moja, mbili, tatu, vuta!"

Mguu ukaruka mpaka ukampiga mwenzetu kwenye aproni. Alishtuka mwenyewe, akatazama goti lake kama la mtu mwingine, kisha akacheka, na sisi tukacheka naye, chini chini kwa ajili ya waliolala. Wa pili nao ukaruka. Tukachoma dozi saa 8 na dakika kumi, upande wa kushoto. Lau goti lisingejibu, tungesubiri, tungemwita daktari, tungeendelea kulijaribu na kuhesabu pumzi mpaka lirudi. Dozi iliyochelewa kwa sababu hiyo si dozi iliyosahaulika, na sababu inaandikwa kwenye chati na saa yake.

Baada ya hapo akauliza lile alilokuwa amelibeba usiku kucha. "Nikilala, nani atajua nikiacha kupumua?"

Hatukumwambia usijali. Tulimwonyesha. Tukamwambia kila dakika thelathini mmoja wetu atakuja, hatamwamsha, atasimama upande huu wa kitanda, ataweka vidole hapa kwenye kifundo, atatazama kanga hii. Ukifumbua jicho ukaona mtu amesimama kimya, ndiye huyo. Tukamsogeza kitanda cha karibu na meza yetu, chini ya taa, maana mgonjwa wa dawa hii hawekwi kona ya giza. Alitaka tumwachie kinyundo. Tukakiweka juu ya kabati lake.

Saa 9 usiku alikuwa amelala. Pumzi 17. Saa 9 na nusu, 17. Saa 10, 18, mate yanamtoka kidogo kwenye ncha ya kanga, usingizi wa kweli kweli. Ni kazi ya kusimama tu. Mlinzi akipita dirishani anaona mtu mmoja kalala na mwingine kasimama, na hakuna kinachotokea, na hilo hasa ndilo tunalolitafuta usiku kucha.

Adhana ya alfajiri ilimwamsha. Hakuwa na sala, yumo katika nifasi, ila aliitikia adhana kwa midomo akiwa amelala vilevile. Presha 144 kwa 92. Chumba cha watoto wachanga walileta habari kuwa binti ameamka, analia, anatafuta titi. Mwari akauliza kama maziwa yake yana sumu ya sindano. Hayana, mama aliye kwenye magnesiamu ananyonyesha, na kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Tukamleta mtoto, tukamweka kifuani ngozi kwa ngozi, kanga juu ya wote wawili. Mara ya kwanza hakushika, mara ya pili hakushika, mara ya tatu mdomo ukafunguka vizuri na akavuta. Mama akakaza miguu. Tukauangalia mpira.

Wakati ananyonyesha tulimweleza ya nyumbani, kwa sababu asubuhi kunakuwa na watu wengi na maneno hupotea. Presha itapimwa hapa kwa siku kadhaa, na akiruhusiwa arudi kupimwa ndani ya wiki ya kwanza hata kama anajisikia mzima. Kichwa kikiuma vibaya, macho yakiona vimulimuli, chembe ikiuma, pumzi ikibana, asingoje kukuche na asingoje ruhusa ya mtu. Simu ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, m-mama, ni 115, haina malipo. Na mimba ijayo aje kliniki mapema kabisa, aseme mdomoni mwake kuwa aliwahi kuwa na hali hii, maana kuna aspirini ya kiwango kidogo inayoanzwa baada ya wiki ya 12 kwa wenye historia hiyo, na ikichelewa sana faida yake inapungua. Mkwe wake alikuwa amefika na chupa ya uji, akasimama mlangoni anasikiliza. Akataka tuirudie namba. Tukairudia, akaiandika kwenye kadi ya kliniki.

Saa 12 asubuhi dozi yetu ya mwisho. Pumzi 18, mkojo wa saa nne mililita 260. Zilibaki dozi mbili kwa wenzetu wa mchana, saa 4 na saa 8, kisha saa 10 alasiri saa 24 zinatimia.

Saa 1:30 tukatoa ripoti. Nesi wa mchana, mgeni kwake, akachukua kinyundo juu ya kabati ajionee mwenyewe, akainua goti. Mwari akamzuia kwa kiganja.

"Ngoja kwanza, sista," akasema, akashikanisha vidole vyake. "Haya. Hesabu tatu."